Matangazo ya Sombe ya Mama Mélissa

Kama unakaa Etobicoke, huku Toronto, na hujawahi kula sombe ya Médiatrice, nakuonea huruma, wala sina la zaidi kukwambia. Majani ya muhogo yaliyotwangwa hadi yakalainika, mawese yasiyobaniwa, vitunguu, na samaki mkavu aliyenyambuliwa vipande vipande akaachwa aive humo humo taratibu. Watu wa Bukavu na wa Uvira kule Kongo, ambao wakikutana hubishana hata juu ya saa, kwenye sombe hii walikwisha kubaliana zamani.

Mwenyewe ni mwanamke mcheshi, mfupi, mwenye sauti inayofika chumba cha tatu bila kupandishwa. Siku za kazi yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anawaogesha, anawavalisha, anawasikiliza hadithi zile zile kila asubuhi na kucheka kama ndiyo mara ya kwanza. Mumewe Hyacinthe yuko kiwanda cha biskuti. Binti yao Mélissa anasoma chuo. Kiswahili anakisikia chote, hata kile cha kumsengenya, ila akijibu anajibu kwa Kiingereza. Kwa jina la huyo binti, kanisani na mtaani kote Médiatrice anaitwa Mama Mélissa.

Sasa, chakula chenye samaki huwezi kukipikia nyumbani kwako ukakiuza. Mji huu una watu wake wa afya, nao hawataki utani. Inabidi ukodi jiko lililokaguliwa, na jiko alilolipata Médiatrice lilikuwa la Bwana Roshanali, Mismaili mzaliwa wa Mwanza, mzee nadhifu anayezungumza Kiswahili kizuri kuliko wengi wetu na kukodisha majiko yake kwa saa. Médiatrice alikuwa na saa chache za Jumamosi asubuhi. Alichokitaka ni Jumamosi nzima, mwaka mzima, kwa mkataba, ili aache zamu za mwisho wa wiki kule kwa wazee na aitwe mpishi, si mama anayepikapika. Alilitaka hilo mpaka likawa linamkosesha raha mezani. Bwana Roshanali hakuwa na kinyongo. Alimwambia kwamba ili amudu kodi ya siku nzima lazima auze sinia thelathini kila Jumamosi. Kwamba kuna mwoka keki anayeitaka siku hiyo hiyo. Na kwamba yeye atamsubiri Mama Mélissa mpaka Pasaka, ikipita hapo ampe mwingine. Hiyo ilikuwa Januari, na sinia zilizokuwa zikitoka zilikuwa kumi, zikiwa nyingi kumi na mbili, na mbili katika hizo alinunua shemeji.

Wakakaa kikao cha familia. Kwenye akiba yao waliweza kutoa dola mia tatu kwa mwezi za kujitangaza, si zaidi, kwa miezi mitatu. Hyacinthe alitaka zote ziende kwenye vipeperushi, kwa sababu karatasi mtu anaishika mkononi, anaibandika kwenye friji. Mélissa alitaka zote ziende kwenye kubusti, yaani kuulipa mtandao ili picha uliyoiweka kwenye ukurasa wako isiishie kwa marafiki, ionyeshwe kwa watu wengine unaowachagua. Médiatrice alitaka redio. Kila Jumapili jioni kituo kimoja cha jamii hurusha kipindi cha Kiswahili, chenye salamu, habari za makanisa, tanzia, muziki, na matangazo ya wafanyabiashara wadogo. Alipoulizwa kwa nini redio, alitoa sababu nne nzuri, ila sababu ya kweli ni ya tano, ambayo hakuisema: alipenda kusikika.

Basi ili pasiwe na wa kununa, akagawa mia, mia, mia. Aligawa hela ya matangazo kama anavyogawa nyama ya Krismasi, kila sahani na kipande chake. Kwa nyama ni haki. Kwa matangazo ni kumpa kila mtu kidogo ambacho hakimtoshi, na mwezi wa kwanza ulimwonyesha hivyo bila huruma.

Tuanze na vipeperushi. Hyacinthe alichapisha mia tano, vizuri, vya rangi, vyenye picha ya sinia na namba ya simu. Akaingia navyo kwenye maghorofa akakuta masanduku ya barua yamefungwa kwa funguo na hairuhusiwi kupenyeza kitu. Akapanda mpaka ghorofa ya juu kabisa akaanza kushuka, akisukumiza karatasi chini ya kila mlango. Alipofika ghorofa ya chini alimkuta msimamizi wa jengo amesimama na mfuko wa plastiki uliojaa vipeperushi vyake vyote, kwani alikuwa akimfuata nyuma, ghorofa kwa ghorofa, akivichomoa. Alimkabidhi kwa adabu kubwa na kumtakia siku njema. Sehemu ya hivyo alivyorudishiwa Hyacinthe aliibana kwenye vioo vya magari, theluji ikaanguka, na kesho yake maegesho yote yalikuwa na uji wa rangi. Oda zilizotoka humo ni mbili, na moja ya mtu aliyepiga kulalamika kisha akasikia njaa.

Kubusti nako kulikuwa na vituko vyake. Mtandao ulitaka kujua tangazo lionyeshwe kwa watu wa wapi. Mélissa akaweka Toronto. Médiatrice, aliyekuwa akichungulia begani kwake, akasema waongeze na Bukavu. Mélissa akauliza kwa nini. Mama akajibu kwamba dada yake mdogo yuko Bukavu, na je, asione kwamba dada yake ana biashara Kanada? Mtoto hakutaka ugomvi, akaongeza. Jamani! Ndani ya siku tatu laiki zilimiminika hadi simu ikapata joto. Médiatrice alitembea nazo kazini akiwaonyesha wauguzi. Mwalimu wake wa darasa la sita aliandika kumpongeza. Mwanamume mmoja aliyewahi kumposa akakataliwa aliuliza kama sinia moja inaweza kutumwa kwa ndege. Tatizo ni kwamba mtandao ukipewa mahali pawili, hela huipeleka kule ambako laiki zinapatikana kwa bei rahisi, na mia yote, karibu mpaka senti ya mwisho, ilikuwa imekwenda kutumika Bukavu. Sinia zilizouzwa kutokana na hayo yote ni tatu.

Na redio? Mtangazaji wa kipindi hicho ni Moïse, mtu wa Uvira, zamani mwalimu, mpole kupita kiasi. Mia moja ilimpa Médiatrice tangazo la nusu dakika kila Jumapili kwa mwezi mzima. Alikwenda studio na maneno ya dakika tatu, salamu kwa mchungaji, kwa kwaya zote mbili, na kwa mama wa Thorncliffe Park aliyemsaidia kupata nguo za baridi mwaka ule walipofika. Moïse alimwonyesha saa ukutani, akampunguzia taratibu, mpaka likabaki lenyewe: ni sombe, ni Jumamosi, oda mwisho Alhamisi, namba ni hii. Mwisho wake Médiatrice akaongeza yake kwa sauti ya kuita watoto mezani: "Sufuria iko motoni, na mimi Mama Mélissa ninakungoja." Ilitoka mara moja bila kurudia. Moïse alicheka mpaka akavua miwani, na msemo ule ukaanza kusikika kanisani, watoto wakiigizana kwenye ngazi.

Mwezi wa pili wakajirekebisha. Vipeperushi vikasimamishwa. Bukavu ikaondolewa, licha ya malalamiko ya mama, na tangazo likazungushiwa duara la kilomita chache kuzunguka maghorofa ya Etobicoke na jingine North York. Mélissa akaweka kitufe cha kutuma ujumbe ili mtu aagize hapo hapo, na akapanga hela itumike kuanzia Jumapili jioni hadi Alhamisi, kwa maana kumwonyesha mtu sombe siku ya Ijumaa wakati oda zimefungwa ni kumtesa bure. Redio iliendelea vile vile. Sinia zikapanda, kumi na nane, ishirini na moja, ishirini na nne. Médiatrice akaanza kuimba jikoni, na Bwana Roshanali, akipita na kikombe chake cha chai, akawa anachungulia na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Sasa Mélissa, kwa kuwa anasomea mambo hayo, akamwagiza mama yake amwulize kila anayeagiza amewajulia wapi. Ni swali zuri, kila mfanyabiashara aulize. Walioagiza karibu wote walikuwa vijana, wanaandika kwa Kiingereza, na wote wakajibu kwamba ni kwenye simu, kwenye ule ukurasa. Hata mmoja hakutaja redio. Mélissa akamwonyesha mama yake majibu. Hakumwonea, ukweli ulikuwa umeandikwa pale. Kama redio haileti mtu, ya nini kuilipa, na Pasaka hiyo inakuja?

Médiatrice aliumia, asikuambie mtu. Ila ni mtu wa haki. Machi ikaingia, akampigia Moïse kumwambia anapumzika kidogo. Moïse akasema hakuna neno, mama, karibu siku yoyote. Hela yote ya mwezi ikaelekezwa kwenye kubusti. Wakati huo huo alibadilishana zamu na mwenzake ili Jumamosi zake ziwe huru kabisa, na badala yake akawa anafanya kazi Jumapili, Hyacinthe akimpeleka na kumrudisha, kwa hiyo kanisani familia haikuonekana tena. Alijiambia Mungu anaelewa mambo ya biashara.

Wiki ya kwanza sinia zikarudi kumi na tisa. Wakasema ni baridi. Wiki ya pili kumi na tatu. Mélissa akabadilisha picha, akaweka sombe yenye mvuke na ugali pembeni. Wiki ya tatu tisa. Akaongeza hela ya kila siku. Mtandao ulikuwa unasema kwamba tangazo limeonwa na watu wengi kuliko wakati wowote, na watu hao hao walikuwa wanaliona, wanapita, kimya. Hata laiki hakuna. Médiatrice alionja sufuria mara tatu akidhani amepoteza mkono. Bwana Roshanali alimkuta siku hiyo akifunga sinia zake chache, akamwambia kwa upole kwamba yule mwoka keki amepiga simu tena.

Na mambo mengine ya ajabu yakaanza. Dukani alikutana na mama mmoja wa kwaya, akamshika mkono akakataa kuuachia, akamwambia pole dada, jikaze, hata haya yatapita. Kwenye basi mwanamume wa kanisa alivua kofia alipomwona. Médiatrice alirudi nyumbani amefura. Alimwambia Hyacinthe kwamba mji mzima umejua biashara yake inakufa na sasa wanamfanyia huruma barabarani, na kwamba heri wangenunua hata sinia moja kuliko kumpa pole za bure. Hyacinthe akaenda kuosha sahani, kwani yeye alikuwa bado ana mfuko wa vipeperushi chini ya kitanda na hakutaka ukumbukwe.

Ikafika Jumapili moja kabla ya wiki ya Pasaka. Siku hiyo hakuwa na zamu. Mchana, yuko nyumbani na aproni, kengele ikalia. Akafungua mlango.

Walisimama wanawake wanne wa kanisa. Wamevaa vitenge vya giza, wamejifunga vilemba vya msiba. Wa mbele alikuwa Mama Ariane, bibi wa umri wa mama yake mzazi, anayekaa kwenye maghorofa ya mtaa wa pili na ambaye huwa hatoki nje kabisa majira ya baridi. Mkononi ana sufuria kubwa iliyofungwa kwa kitambaa. Nyuma yake mmoja alikuwa tayari ameanza kuimba kwa sauti ya chini.

Hapa nikueleze, kwa wasiokaa mbali na kwao. Sisi habari ya kifo haturuhusu mtu aipate kwa simu akiwa peke yake. Ndugu wa nyumbani huwapigia wazee wa kanisa, na wazee hujipanga, huvaa, huja mlangoni kwako wakiwa kundi, na hawasemi kitu mpaka umekaa. Kila mmoja wetu huku amewahi kuota mlango wake ukigongwa hivyo. Kwa hiyo Médiatrice alipowaona hakuuliza. Alijua. Mama yake Bukavu, mama yake aliyekuwa na presha, ambaye wiki iliyopita yeye Médiatrice alisema naye mbiombio apate kwenda kuonja sufuria. Akakaa pale pale kwenye viatu vya mlangoni.

"Semeni tu," akawaambia. "Ni Mama?"

Wale wanawake wakatazamana. Mama Ariane akaweka sufuria chini akamwinamia, akasema wamechelewa kuja, awasamehe, theluji ilikuwa mbaya na wengine walikuwa hawana hakika. Ndilo neno la mwisho Médiatrice alilosikia, kwa sababu kilio alichokitoa kilimleta Mélissa mbio kutoka chumbani na Hyacinthe kutoka bafuni na povu usoni. Mélissa hakuuliza mtu. Ni mtoto wa huku, jambo likiwa halieleweki yeye hushika simu. Akampigia bibi yake Bukavu, akaweka sauti ya juu.

Simu ikaita, ikaita. Halafu ikasikika sauti kavu, yenye chakula mdomoni, inayouliza ni nani anayepiga watu wakiwa mezani.

Sijui nikuelezeje chumba kile. Médiatrice aliinyakua simu akaanza kulia upya, safari hii akicheka, akimwita Mama, Mama, Mama, na yule bibi kule akizidi kukasirika, akitaka kujua nani amekufa. Hyacinthe akakaa chini na povu lake. Mwanamke aliyekuwa akiimba alinyamaza katikati ya ubeti. Mama Ariane peke yake alibaki amesimama imara, kama mtu aliyedhulumiwa.

"Kama hakuna aliyekufa," akasema, "kwa nini ulinyamaza?"

Wakakaa, chai ikapikwa, na mambo yakatoka moja baada ya jingine. Kila Jumapili jioni Mama Ariane hukaa karibu na redio yake, na si yeye tu, ni kina mama na mabibi wa maghorofa yote, ambao wakati wa baridi redio ndiyo kanisa lao na soko lao. Wanasikiliza salamu, wanasikiliza tanzia, halafu wanamngoja Mama Mélissa na sufuria yake. Jumapili ya kwanza ya Machi hakusikika. Ya pili hakusikika, na kanisani hayupo. Msikilizaji mmoja akapiga simu kipindini kumwuliza. Moïse, mpole yule, angewezaje kusema hewani kwamba mama wa watu ameacha kulipia? Ingekuwa kumwaibisha. Akasema tu, wapendwa, tumkumbuke Mama Mélissa katika maombi. Na aliyasema hayo akiwa ametoka kusoma tanzia. Basi kufika usiku wa siku hiyo mama yake Médiatrice alikuwa amekufa katika maghorofa sita, na kufika katikati ya wiki amezikwa.

Médiatrice akauliza, na picha zangu za sombe kwenye simu je, hamkuziona? Waliziona watoto wao. Mama mmoja akasema walisikitika sana, wakadhani ni Mélissa anayejaribu kuuza peke yake ili mama apumzike. Nani angemwagiza mfiwa ampikie? Hata mtu mwenye njaa ana adabu.

Mélissa alikuwa ameacha kunywa chai. Aliuliza kwa Kiingereza, kisha, kwa kuwa alilitaka jibu kweli, akalirudia kwa Kiswahili, cha kuvunjikavunjika, mbele ya wageni: "Bibi, wewe unaagizaje?"

"Mimi ya simu siyajui," akajibu Mama Ariane. "Nikimsikia mama yako, nampigia Ariane. Namwambia niagizie. Ariane anaitafuta huko kwenye simu yake."

Ariane. Mélissa alilikumbuka jina, ni mmoja wa wale walioagiza kila wiki na kujibu kwamba wamewajulia kwenye ukurasa. Naye hakusema uongo. Ndipo alipobonyeza. Lakini aliyetia njaa nyumba ile ni redio, na aliyetoa amri ni bibi asiye na mtandao kwenye simu yake. Wale wanawake watatu wengine wakasema na kwao ni hivyo hivyo, mmoja mwanawe wa kiume, mwingine mkwe. Mélissa na mama yake walikuwa wamewauliza watoto swali ambalo jibu lake lilikuwa kwa mama zao. Mélissa alitazama chini, kisha akaanza kucheka peke yake, na mama yake akamkumbatia kichwa kwa mkono wenye harufu ya kitunguu.

Médiatrice hakungoja chai ipoe. Kipindi kilikuwa jioni hiyo hiyo, na Pasaka wiki inayofuata. Mélissa akasimamisha kubusti pale pale. Uzuri wa mambo yale ni kwamba ukisimamisha, unalipia siku zilizokwisha tumika tu, na zilizosalia ni zako. Zilizosalia zilitosha tangazo la jioni ile na la Jumapili moja mbele. Akampigia Moïse. Maskini Moïse, alipoelezwa alichokifanya kwa wema wake, alibaki akisema mama nisamehe, mama nisamehe, na Médiatrice akamwambia atamsamehe studio, afungue mlango tu.

Kwenye gari, Hyacinthe akiendesha, alimpigia tena mama yake. Bibi alikuwa ameshalala nusu. Alipoelezwa kwamba Kanada nzima inamlilia, aliuliza ni wangapi waliokuja. Akaambiwa wanne. Akasema wanne ni wachache. Halafu akaombwa aseme maneno machache yarekodiwe, na akayasema, binti yake akiwa ameishika simu kwa mikono miwili.

Jioni hiyo, baada ya salamu, kabla ya tanzia kwa maagizo maalumu, Moïse alisema tu kwamba sasa kuna tangazo. Ikasikika sauti ya mbali, ya kukwaruza, ya mwanamke mzee aliyeamshwa usingizini Bukavu: "Mimi ndiye mama yake Médiatrice. Niko hai na nimekula. Nunueni sombe ya mwanangu, maana nilimfundisha mimi." Kisha sauti ya pili, ya kuita watoto mezani: "Mmesikia wenyewe. Oda mwisho Alhamisi. Sufuria iko motoni, na mimi Mama Mélissa ninakungoja."

Wanasema kwenye maghorofa vilisikika vicheko vikipenya kuta. Simu ya Mélissa ilianza kulia kabla wimbo uliofuata haujaisha, na wa kwanza kabisa alikuwa Ariane, kwa Kiingereza, sinia mbili, na ujumbe chini yake kwamba mama yake anataka kujua kama sufuria yake ya wali iko salama. Ilipofika Alhamisi zilikuwa zimeagizwa sinia arobaini na moja. Hyacinthe ilibidi aombe ruhusa kiwandani aje kunyambua samaki, na wiki iliyofuata, ambayo haikuwa na Pasaka wala msiba wa kusingizia, zikawa thelathini na nne.

Bwana Roshanali alileta mkataba mwenyewe jikoni, akiwa amevaa koti lake zuri. Alisema kwamba hata yeye alisikia tangazo lile, kwa kuwa mkewe humwekea redio, na kwamba alipoisikia sauti ya yule bibi alimkumbuka mama yake mwenyewe wa Mwanza na ikabidi atoke nje kidogo. Médiatrice akatia sahihi kwa mkono uliojaa mawese, na alama ya kidole ipo mpaka leo kwenye karatasi ile.

Sasa hela anazigawa vingine. Nusu na zaidi ni ya redio. Inayobaki ni ya kubusti, inayoanza Jumapili dakika ile ile kipindi kinapokwisha na kuzimwa Alhamisi, ili mama akipiga simu, mtoto asihangaike kutafuta. Vipeperushi vya Hyacinthe vilivyokuwa chini ya kitanda vimepata kazi: kimoja kwenye kifuniko cha kila sinia, kwa kuwa sinia ya sombe haiendi kwa mtu mmoja, inaenda ubatizo, inaenda mkutano wa kwaya, na huko kuna watu ambao hawajaijua bado. Swali wanalowauliza wateja nalo limebadilika. Hawaulizi tena umetujulia wapi. Wanauliza nani amekutuma.

Na kuna fungu dogo la nne, ambalo Mélissa mwenyewe ndiye aliyeliweka: salio la simu la bibi yake. Yule bibi hivi sasa hakubali tangazo moja lirudiwe mwezi mzima. Kila mwezi anataka jipya, na anataka kuambiwa ni wangapi waliomsikia. Jumamosi ile ya kwanza ya mkataba Médiatrice alimrudishia Mama Ariane sufuria yake, imejaa sombe mpaka kifuniko hakifungi vizuri. Mama Ariane alikuwa tayari amekaa karibu na redio, ingawa ilikuwa Jumamosi. Aliipokea, akaionja kwa kidole hapo hapo mlangoni, akamwambia: "Ukitaka kunyamaza siku nyingine, uje uniambie kwanza."